Tageti ya mwezi: nilivyoipigia hesabu kwa kurudi nyuma

"Wakuu, kila ikifika tarehe 20 silali. Tageti yangu ni mauzo 40 kwa mwezi, sijawahi kuvuka 25, na bosi anasema sijitumi. Nitajuaje kama kosa ni langu au ni la tageti?"

Mkuu, mimi pia niliwahi kubebeshwa 40, nikiuza kwa kuwafuata wateja maofisini kwao. Kilichonisaidia ni daftari. Kwa miezi mitatu niliandika kila simu niliyopiga, kila mteja niliyeonana naye na kila aliyelipa. Katika kila watu 100 niliowapigia, 30 walikubali tuonane na 9 wakanunua.

Nikaanza na ile 40 nikarudi nyuma. Ilihitaji simu kama 444 na vikao 133. Kwa siku 22 za kazi, hivyo ni vikao 6 kila siku. Kikao kimoja pamoja na safari kilikula saa moja na nusu, kwa hiyo saa 9 zinakwisha hata simu moja sijapiga. Nilivyomudu kweli ni vikao 4 kwa siku, yaani 88 kwa mwezi, navyo vinazaa mauzo 26.

Piga hesabu yako. Ukikuta unafanya vikao 2 tu kwa siku, bosi ana hoja. Ukifanya 4 na anayenunua ni mmoja kati ya 10 unaoonana nao, kagua orodha ya unaowapigia kabla ya kujilaumu.

Usifanye nilichofanya mimi. Mwezi mmoja nilifikisha 38 kwa kuwabembeleza wateja 12, waliokuwa walipe mwezi unaofuata, wamalize tarehe 29 kwa punguzo. Mwezi uliofuata nikaambulia 14. Bosi yeye alikumbuka ile 38 tu: "Kumbe ukitaka unaweza!"

Kuhusu usingizi: kwangu, kutoka simu ya kwanza hadi malipo zilipita wiki 3 hadi 5. Mauzo ya mwezi huu yalikuwa yamepandwa mwezi uliopita, na simu mpya ya tarehe 20 ni mali ya mwezi ujao. Nikaacha kuchungulia jumla ya mauzo kila saa, nikawa nahesabu vikao vya siku. Hofu haikuisha, ila niliacha kuamka saa nane usiku.

Mwishowe nilimpelekea bosi hesabu hiyo kwenye karatasi moja. Sikulalamika, nilimuuliza tu, "Vikao 133 nitavipangaje?" Alinuna siku mbili (nilidhani nimejifukuzisha kazi). Tageti hakuishusha, lakini alinipa mtu wa kunipangia miadi, na wateja wa eneo moja tukawaweka siku moja. Kikao kikashuka hadi saa moja, vikao 6 vikawezekana. Hata hivyo niliishia 33, maana mteja aliyepangiwa miadi na mtu mwingine ni mwepesi kuahirisha.