Andiko la mradi linasema faida ipo. Hesabu zinasemaje?

Nipo kamati ya mikopo ya SACCOS. Kikundi kinataka milioni 40 za mashine ya kukoboa na kusaga mahindi. Baada ya gharama zote wanatarajia kubaki na milioni 6, 10, 14, 18 na 18 kwa miaka mitano. Kiwango cha punguzo ni asilimia 15. Wameandika thamani halisi ya sasa ni 1,065,039. Mimi kalkuleta inanipa 1,224,795. Nani kakosea?

Wewe uko sawa, na kosa lao linajulikana. Gawanya jibu lako kwa 1.15 utapata 1,065,039. Maana yake wamepunguza mwaka mmoja zaidi ya inavyotakiwa.

Fomula ya NPV kwenye Excel huhesabu kwamba namba ya kwanza unayoipa inatokea mwisho wa mwaka wa kwanza. Milioni 40 hutoka leo, mwaka sifuri, kwa hiyo hazitakiwi kuingia ndani ya mabano. Kiwango kikiwa B1, mtaji (kwa alama ya kutoa) B2 na mapato B3 hadi B7, wao waliandika mstari wa kwanza hapa chini. Ulio sahihi ni wa pili:

```
=NPV(B1,B2:B7)
=NPV(B1,B3:B7)+B2
```

Kosa hili haligeuzi faida kuwa hasara, ila linapotosha ukubwa wake. Asiye na kompyuta aanzie mwaka wa mwisho na kurudi nyuma: 18 gawanya kwa 1.15, jumlisha 18, gawanya tena kwa 1.15, jumlisha 14, na kuendelea hivyo mpaka mwaka wa kwanza, kisha mgawanyo wa mwisho. Utafika milioni 41.22. Toa 40.

Andiko hilohilo linadai mtaji utarudi kwa miaka 3.03. Mbona mimi naona mitatu na nusu?

Wamechukua wastani. Jumla ya mapato ni milioni 66, ukigawa kwa miaka mitano ni 13.2, na 40 kwa 13.2 ni 3.03. Njia hiyo inafaa tu pale mapato yanapolingana kila mwaka. Mashine hii inaanza taratibu, na wastani unakopesha miaka ya mwanzo fedha ambazo hazijaingia.

Jumlisha mwaka kwa mwaka: 6, kisha 16, kisha 30. Baada ya miaka mitatu bado milioni 10 hazijarudi, na mwaka wa nne unaleta 18. Kumi kwa kumi na nane ni 0.56, hivyo ni miaka 3 na karibu miezi 7. Kwa mkopo wa miaka mitatu, tofauti hiyo ya nusu mwaka ndiyo marejesho yatakapokwama. Ukitumia mapato yaliyokwisha kupunguzwa kwa asilimia 15, mtaji unarudi baada ya miaka 4 na miezi 10 hivi. Ningependa kamati ione namba zote mbili.

Mimi nina andiko jingine: ukurasa wa mbele unataja asilimia 15, lakini hata nikisahihisha fomula jibu halifanani. Nitajuaje walitumia kiwango gani?

Tafuta jedwali lao la thamani za sasa. Chukua mapato ya mwaka wa kwanza, gawanya kwa thamani yake ya sasa, kisha toa moja. Tuseme ni milioni 6 na wameandika 5,357,143: jibu ni 0.12, yaani walitumia asilimia 12.

Usiichukulie kama tofauti ndogo. Kwa mashine ile ya mahindi, asilimia 12 inatoa milioni 4.95, mara nne ya jibu la asilimia 15. Kwa asilimia 16 zinabaki kama 85,000 tu, na kwa 17 mradi unapoteza milioni moja. Mradi wenye nafasi finyu hivyo, mimi nisingeupitisha kabla ya kujua kiwango kimetoka wapi.

Uchakavu na riba ya mkopo vitolewe kwenye mapato ya kila mwaka?

Hapana. Milioni 40 zimeshahesabiwa zote mwaka sifuri. Ukitoa tena milioni 8 za uchakavu kila mwaka, umeilipia mashine mara mbili. Uchakavu unaingia kwa njia moja tu, pale unapopunguza kodi itakayolipwa. Riba nayo imo tayari ndani ya kiwango cha punguzo. Ukikuta mstari wa mojawapo kwenye jedwali la mapato, rudisha kiasi hicho, kokotoa kodi upya, ndipo uanze kukagua.