Majibu ya tayari kwa wateja Waitaliano

"Nauza kanga Malindi, Waitaliano wananitext Wasap na kiitaliano sijui, niandae vipi majibu?"

Kwenye Wasap Biznes seti majibu ya haraka, kila moja na jina fupi la kwako kama /bei au /saa, ukichapa huo mkwaju na jina, jibu linatokea. Wapo wanaosema usiandae kitu, utafsiri tu papo hapo ujumbe ukifika, wako sawa nusu tu, kwa swali geni sawa, ila kwa bei hapana. Mwombe bichboi anayekijua kiitaliano akusomee kwanza majibu yako ya kiitaliano bila kumwambia ulimaanisha nini, akielewa tofauti andika upya. Halafu bei iwe KES 1500 bila koma, maana kwao 1,500 ni moja na nusu, na saa andika 09:00 usiandike saa tatu.