Punguzo la Aprili hotelini Nungwi

“Hoteli ya Nungwi, Zanzibar, inatangaza punguzo la asilimia 40 mwezi wa nne, eti ‘wakati wa utulivu’. Tunatoka Goma, tulipe?”

Dada, usilipe kwanza. Utulivu huo unaletwa na masika. Mvua zinaanza katikati ya Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo kali zaidi. Anayesema mvua ni za Novemba hajakosea kabisa: hizo ni vuli, nyepesi zaidi.

Mara nyingi mvua haikai siku nzima, inapiga kwa nguvu halafu jua linatoka. Kinachoumiza ni vilivyofungwa. Mimi nilikuta jiko la hoteli halipiki usiku, bwawa limetolewa maji, viti vimepangwa juu ya meza. Chumba cha dola 90 nilipewa kwa 54, kwa hiyo siku tano niliokoa 180. Lakini teksi ya kwenda kula, kwenda na kurudi, ilikuwa dola 20 kila jioni. Mia ikaondoka hapo.

Waandikie: jiko linapika hadi saa ngapi? Mashua zikizuiwa na bahari, pesa inarudi? Chakula cha asubuhi kimo? Wakijibu “karibu sana” tu bila saa wala bei, tafuta nyingine.



Na tiketi ya ndege? Hiyo, punguzo la hoteli haliigusi. Iangalie kabla ya chumba.