Ninahama Kamalondo kwenda Bel-Air: niwaambie nini wateja wenye vitambaa kwangu?

Swali: Mimi ni fundi wa kushona hapa Lubumbashi, komini ya Kamalondo. Mwenye nyumba anataka nyumba yake mwisho wa Julai, na nimepata mahali pengine Bel-Air. Ndani niko na vitambaa vya watu, wengine wametoa avansi, na mwezi wa nane ndio wa sare za shule. Niliwaza kuhama Jumamosi tarehe 1 Agosti. Tangazo niliandike namna gani, wateja wasifikiri nimekimbia na vitambaa vyao?

Jibu: Mama, kabla ya kuandika tangazo lolote, fungua daftari lako la oda. Wenye vitambaa kwako ndio wa kuambiwa kwanza, kila mmoja peke yake, kabla hujabandika karatasi mlangoni na kabla hujaweka neno kwenye statusi ya WhatsApp. Mtu akiambiwa na jirani kwamba fundi wake anafungasha mashine, maelezo yako yatamkuta ameshakasirika.

Kwa kila mmoja wao, ujumbe utaje kitu chake chenyewe. Kwa mfano:

"Habari Mama. Kitenge chako cha yadi 6 kiko kwangu. Ulitoa avansi 20 000 FC, inabaki 15 000. Nguo itakuwa tayari Jumatano 29 Julai. Unaweza kuichukua Kamalondo mpaka Alhamisi 30 Julai jioni. Baada ya hapo utaikuta Bel-Air kuanzia Jumatatu 3 Agosti. Risiti yako ni ile ile, bei ni ile ile, na mimi ninapatikana kwa namba hii hii."

Ukiweza, ambatanisha picha ya kitambaa kikiwa na karatasi ya jina iliyobanwa kwa pini. Hesabu hizo zina kazi nyingine pia. Kama mteja anakumbuka avansi tofauti na iliyo kwenye daftari lako, atakuambia sasa, mkiwa bado na nafasi ya kutazama risiti pamoja. Ukingoja mpaka siku ya kuhama, mtabishana katikati ya magunia na mashine zilizofungwa kamba.

Sasa tarehe. Wengi huandika "tunahama tarehe fulani" na kuishia hapo, lakini mteja wako anahitaji kujua mpaka lini utapokea kazi ya kumalizika Kamalondo, siku ya mwisho ya kuchukua nguo pale, siku ambazo utakuwa umefunga kabisa, na siku utakayofungua kule. Mwaka huu wa 2026 ningekupangia hivi: oda za kumalizika Kamalondo zikome Jumamosi 25 Julai, kuchukua nguo kuishe Alhamisi 30 Julai, kuhama kuanze Ijumaa 31, na kufungua Bel-Air iwe Jumatatu 3 Agosti. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi. Asubuhi watu wako makaburini, mchana wako na familia, na vijana wa kubeba mizigo pamoja na dereva nao wana wazazi wao. Basi beba vitu vizito Ijumaa. Jumamosi na Jumapili zibaki za kupanga vitambaa na kujaribu kila mashine, ili Jumatatu mteja akifika akukute unashona.

Andika siku pamoja na tarehe kila mara, usiandike "kesho" wala "wiki ijayo". Ujumbe wa WhatsApp hutembea. Mtu anausambaza siku tano baadaye, na "kesho" yako inakuwa uongo bila wewe kukusudia.

Kundi la pili ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, na ni la sare. Mzazi anayekuja kwako mara moja kwa mwaka, wiki za mwisho za Agosti, na kitambaa cha bluu na nyeupe mkononi, pengine hana namba yako. Hatauona ujumbe wowote. Atafika Kamalondo, atakuta mlango umefungwa, na kwa kuwa shule zinafungua mwanzo wa Septemba hatakuwa na muda wa kukutafuta: ataingia kwa fundi wa jirani. Kwa hiyo tangazo la mlangoni lazima liishi mpaka katikati ya Septemba. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, na kama hataki, jirani wa ukuta mmoja akubali libandikwe kwake. Wakati huu wa jua na vumbi, karatasi iliyochapwa kwa wino wa kawaida hufifia haraka. Chora kwa rangi kwenye ubao, au chapisha kwa mashine ya leza kisha uifunike kwa plastiki. Maneno yawe machache na makubwa: fundi amehamia Bel-Air, avenyu na namba ya parseli, alama ya karibu ambayo dereva wa taksi anaijua, na simu. Namba ya parseli peke yake haimfikishi mtu.

Na ukipata kona kwa jirani huyo, keti pale asubuhi za Jumamosi 8, 15, 22 na 29 Agosti, upokee vipimo na kurudisha nguo zilizokwisha. Mteja wa Kamalondo aliyelipa avansi hakupanga kulipa taksi ya Bel-Air. Saa hizo ziandike kwenye tangazo kama zinavyoonekana kwenye simu, 9h00 mpaka 12h00.

Kuhusu njia ya kutuma: listi ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Statusi inafutika baada ya saa 24. Waliobaki watumie SMS, nayo isizidi herufi 160, nafasi zikihesabiwa:

"Fundi wako wa Kamalondo nahamia Bel-Air. Mwisho pale: Alhamisi 30/7. Nafungua kule: Jumatatu 3/8. Simu, bei na risiti hazibadiliki. Piga nikuelekeze."

Usiweke ndani vikatuni vya sura. Kimoja tu kinashusha kipimo mpaka herufi 70, na SMS moja inakatwa na kulipiwa kama tatu.

Maneno "simu haibadiliki" usiyatoe hata ukikosa nafasi. Habari ya kuhama ikienea, mwizi anaweza kuwaandikia wateja wako: "Nimehama, hii ndiyo namba yangu mpya, tuma pesa iliyobaki hapa." Kwenye ujumbe wa wenye avansi ongeza waziwazi kwamba M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yako inabaki kwenye namba ile ile wanayoijua, na kwamba hutaomba malipo kwa namba nyingine.

Kama umeandikishwa kwenye rejista ya biashara, yaani RCCM, mabadiliko ya anwani yanatakiwa kutangazwa ndani ya siku 30. Nenda mapema Agosti, kabla sare hazijakubana. Kitabu cha risiti usikitupe, piga muhuri wa anwani mpya juu ya ile ya zamani.

Ikitokea kwamba Bel-Air hapako tayari tarehe 3, labda umeme haujaunganishwa, usinyamaze ukitumaini wateja hawatakuja siku hiyo. Tuma marekebisho Jumapili kabla ya jioni, kwa njia zile zile ulizotumia mwanzo, ukiwa na tarehe mpya moja unayoiweza kweli, na mtu aende Kamalondo kubadilisha tarehe kwenye ubao siku hiyo hiyo.