Pande Zikiwa Mara Mbili, Vigae Huwa Mara Nne

Wiki mbili zilizopita mama mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, aliniandikia kuhusu swali la hisabati alilopewa mwanawe wa darasa la saba. Swali lilisema hivi: "Pande zote za mraba zimeongezwa zikawa mara mbili ya urefu wake wa awali. Eneo la mraba huo limekuwa mara ngapi ya eneo la awali?" Mtoto aliandika 2, mwalimu akaweka alama ya kosa, na mama, ambaye naye aliona kwamba 2 ndilo jibu, alitaka kujua kama ingefaa aende shuleni kulalamika. Nilimjibu asiende, kwa sababu jibu ni 4. Hata hivyo, nilijua kwamba jibu hilo tupu lisingemsaidia yeye wala mtoto, maana mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima, niliyefaulu vizuri hisabati ya kidato cha nne, nilipotoa jibu lilelile la 2, tena katika makubaliano ya kazi yaliyobeba saini yangu.

Mwaka 2009 nilikuwa fundi wa kubandika vigae mjini Morogoro, na ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea. Mteja mmoja alinipa chumba cha mita 3 kwa mita 3. Nilitumia vigae vya sentimita 30 kwa 30, ambavyo huingia 10 katika kila upande wa chumba cha namna hiyo, kwa hiyo nilinunua 100, pamoja na vichache vya akiba kwa ajili ya vitakavyovunjika. Vigae, saruji, mchanga na ufundi vilifika shilingi 225,000. Kazi ilipendeza, na mteja akaniambia kwamba ana ukumbi "ambao ni mara mbili ya hiki, kila upande", akataka bei papo hapo. Sikutoa futi kamba mfukoni. Nilichukua 225,000 nikazidisha kwa 2, nikaandika 450,000, naye akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu nilidhani kwamba wepesi wangu wa kupiga hesabu kichwani ndio uliomvutia.

Nilinunua vigae 200 nikaanza kubandika kutoka ukuta wa mlangoni, safu moja baada ya nyingine. Vilipokwisha, nilisimama nikatazama mbele yangu nikaona nusu nzima ya ukumbi bado ni zege tupu. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo linaniuma zaidi ya ile hasara: nilimgeukia kijana aliyekuwa akinisaidia nikamwambia kwamba ameiba vigae. Nilikuwa na hakika, kwa sababu vile vipande vyembamba vinavyozunguka chini ya kuta, ambavyo mafundi tunaviita skatingi, nilikuwa nimevikadiria kwa njia ileile ya kuzidisha kwa 2, na nilipovipanga kando ya kuta vilitosha barabara. Niliona haiwezekani hesabu moja ikatoa jibu sahihi kwa skatingi na jibu la uongo kwa vigae, hivyo mwizi lazima awepo. Kijana hakubishana nami. Alinawa mikono, akaondoka, na hakurudi kudai hata ujira wa siku ile.

Usiku, baada ya hasira kupoa, nilirudi ukumbini na tochi nikahesabu vilivyobandikwa. Zilikuwa safu 10, na kila safu ilikuwa na vigae 20. Vyote 200 vilikuwa chini, hapakukosekana hata kimoja. Sehemu iliyofunikwa ilikuwa na mita 6 kwa mita 3, yaani kile chumba cha kwanza kikiwa kimerefushwa upande mmoja tu. Upande wa pili, ambao nao ulikuwa mara mbili, sikuwa nimeulipia. Ukumbi wote ulihitaji safu 20 za vigae 20, ambavyo ni vigae 400, na gharama yake ilikuwa 900,000. Mteja alishikilia karatasi niliyosaini, na alikuwa na haki. Nilikopa, nikamaliza kazi, na deni lile lilinichukua muda mrefu kulimaliza. Yule kijana nilimtafuta kwa miezi kadhaa ili nimwombe radhi, lakini sikumpata.

Nimeeleza yote haya kwa sababu sakafu ile, na kigae cha mwisho katikati yake, ndiyo maelezo bora kabisa ninayoyajua ya swali la yule mtoto. Jibu la 2 si upuuzi. Ni jibu sahihi la swali lingine. Ukirefusha upande mmoja tu wa mraba ukawa mara mbili, unapata mstatili wenye eneo mara mbili. Ukisha kuurefusha upande wa pili pia, mstatili ule nao unakuwa mara mbili, na mara mbili ya mara mbili ni 4. Kwa hiyo mtu anayejibu 2 ameifanya nusu ya kwanza ya kazi na kuiacha ya pili, kama nilivyofanya mimi kwa mikono yangu.

Skatingi, kwa upande wake, ilitosha kwa sababu haifuati eneo. Inafuata mzingo, na mzingo ni urefu: chumba kidogo kilikuwa na mita 12 kuzunguka kuta zake, na ukumbi mita 24. Kila kinachopimwa kwa mita kiliongezeka mara 2, na kila kinachopimwa kwa mita za mraba kiliongezeka mara 4. Nawaomba wazazi na walimu walitilie maanani jambo hili, kwa sababu katika kazi halisi vitu vya aina zote mbili huja pamoja katika bei moja, na kile kimoja kinapotoka sawa kinakufanya uamini kwamba na kingine kiko sawa.

Lugha yetu nayo inaweka mtego. Tunaposema kitu fulani ni "kikubwa mara mbili", neno hilo ukubwa halitaji kama tunazungumzia urefu au eneo. Mteja wangu alisema "kila upande", maneno mawili yaliyotosha kabisa kuniokoa, lakini sikio langu lilikamata "mara mbili" na kufunga mlango. Shule inaukaza mtego huo bila kukusudia. Mtoto hufundishwa kwa miaka kwamba ikiwa kalamu 1 ni shilingi 500 basi kalamu 2 ni shilingi 1,000, na njia hiyo humpa alama mara nyingi mno hata huiona kuwa kanuni ya kila kitu. Ndiyo maana mtoto huyohuyo, ukimpa namba, hakosi: atakuambia kwamba mraba wa sentimita 2 una eneo la sentimita za mraba 4, na wa sentimita 4 una 16. Kanuni ya eneo anaijua. Anakosea pale tu swali lisipokuwa na namba, kwa sababu hapo haoni cha kuzidisha isipokuwa ile "mara mbili" yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yule mama ulikuwa kwamba swali lisilo na namba lipewe namba. Achukue mraba wa sentimita 2, aukate katika karatasi mara kadhaa, kisha amwambie mtoto aufunike mraba wa sentimita 4 kwa vipande hivyo. Vitaingia vinne. Asimwambie jibu kabla ya vipande kulala juu ya meza, na asiishie hapo, bali amuulize vilevile mzingo wa kila mraba, ili aone 8 ikiwa 16 wakati eneo linatoka 4 kwenda 16. Mtoto aliyeona namba hizo mbili zikitengana katika umbo moja hatazichanganya upesi. Baada ya hapo ndipo ajaribu mara tatu, ambapo eneo huwa mara 9, na nusu, ambapo eneo hubaki robo. Kanuni ni kuzidisha kwa yenyewe ile namba inayosema upande umekuwa mara ngapi, nayo ni ileile kwa mstatili, pembetatu au duara, mradi umbo limekuzwa sawasawa pande zote.

Ushauri wa pili ni kuligeuza swali, na hapa ndipo ninapowasihi wazazi wasiwe na haraka. Mwulize mtoto: je, upande uwe kiasi gani ili eneo liwe mara mbili tu? Swali hili ni la kale. Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Meno, Sokrates anamuuliza kijana mtumwa jinsi ya kupata mraba wenye eneo mara mbili ya mraba wa futi 2. Kijana anajibu kwanza kwamba upande uwe futi 4, na anapoonyeshwa kwamba eneo limekuwa 16 badala ya 8, anajaribu 3, ambayo inatoa 9. Mwishowe wanafika kwenye ulalo, yaani ule mstari unaotoka pembe moja ya mraba hadi pembe iliyo mkabala nayo. Ulalo huugawa mraba wa kwanza katika pembetatu mbili zinazolingana, na mraba unaojengwa juu ya ulalo huo hubeba pembetatu nne za namna ileile, hivyo ni mara mbili kamili.

Ulalo ni upande uliozidishwa kwa 1.414 hivi, na namba hiyo imo katika kila duka la fotokopi. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na A3 ina 297 kwa 420. A3 ni A4 mbili zilizolazwa pamoja, lakini mhudumu anayekuza nakala kutoka A4 kwenda A3 hubonyeza asilimia 141, si 200. Akibonyeza 200, picha itahitaji karatasi nne za A4. Nami laiti mteja wangu angetaka kweli ukumbi wenye eneo mara mbili, yaani mita za mraba 18, kila upande ungekuwa na mita 4.24, na zile shilingi 450,000 zingetosha.

Mama alifuata maelekezo haya, akaniandikia tena. Vipande vinne vililala juu ya meza, mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe kwamba mara tatu itakuwa tisa. Swali lililogeuzwa lilimshika zaidi. Alijaribu sentimita 3 akapata 9, akajaribu 2.8 akapata 7.84, akajaribu 2.9 akapata 8.41, akasema hakuna namba inayofika 8. Nilimwomba mama amchoree ulalo na kumpa rula. Jana jioni alinijibu kwamba mtoto amepima akapata sentimita 2 na milimita 8 "na kidogo", na kwamba sasa anataka aambiwe hiyo kidogo ni kiasi gani hasa.