Mshono wa uzazi siku ya sita, kona moja imevimba

"Wakuu, mke wangu alijifungua kwa oparesheni Mbeya, leo siku ya sita, tupo nyumbani Tukuyu. Kona ya kulia ya mshono imevimba na gozi iliyofunika kidonda ina doa, tangu jana anasema panauma zaidi. Picha hiyo hapo. Ndiyo kupona au wameingia wadudu? Nisubiri tarehe ya kutoa nyuzi?"

Mkuu, usisubiri. Mpeleke shemeji leo hii kabla jua halijazama, hospitali ya karibu inatosha, si lazima mrudi hadi Mbeya.

Angalia kwanza upande wa kushoto wa picha, maana huo ndio kipimo chako. Kingo zimeshikana, gamba limekauka, na wekundu umebaki palepale kwenye matundu ya uzi, hauvuki nusu sentimita. Ukipapasa chini yake utakuta ugumu mwembamba uliofuata mshono wote. Hiyo ni nyama mpya inajifunga, na watu huiogopa bure. Kuwashwa kidogo nako ni kawaida.

Kulia ni habari nyingine. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu waziwazi kama picha za vitabuni. Inapoungua kwa ndani huiva kuelekea zambarau, inavutika mpaka ile mistari midogo ya ngozi inapotea, na inang'aa. Hapo naona eneo la upana wa vidole viwili limekuwa hivyo. Doa la gozi nalo ni zito na lina ukungu. Majimaji mepesi yenye uwaridi kidogo siku mbili tatu za mwanzo yasingenishtua. Mazito siku ya sita yananishtua.

Ila kilichonifanya niseme "leo" hakimo kwenye picha, umekiandika mwenyewe: maumivu yameongezeka. Mshono unaopona, kila siku maumivu hupungua, hata kama ni kidogo. Yakishapungua kisha yakageuka kupanda kati ya siku ya tatu na ya kumi, chukulia kuna usaha chini mpaka mtu aliyeugusa akuambie hakuna. Picha haina joto wala harufu, kwa hiyo nawa mikono, weka mgongo wa kiganja upande wa kushoto, kisha wa kulia. Ukisikia tofauti ya joto, nayo waambie. Mpime homa kwapani kabla hajameza panadoli, sio baada, maana dawa itaishusha namba ikudanganye. Kuanzia 38 ni homa.

Mkienda, chukua kalamu ya wino uchore mstari kuzunguka mpaka wa uvimbe na uandike saa. Atakayempokea ataona mara moja kama unatambaa. Ukipiga picha nyingine, mlaze chali karibu na dirisha, zima flashi (huleta mng'ao unaofanana na unyevu), zima na vile vichujio vya urembo, weka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa.

Hospitalini huenda wakatoa nyuzi moja au mbili pale konani, wakakamua usaha, wakaosha kwa maji ya chumvi ya hospitali na kuacha pale wazi kwa gozi ya kubadilishwa kila siku. Msishangae kuona hawashoni tena. Panatakiwa kujaa kuanzia chini kupanda juu, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana kununua vidonge dukani na kukaa nyumbani hakusaidii: usaha uliofungiwa dawa haiufikii vizuri. Na tafadhali, ule mtindo wa kupasua kapsuli na kunyunyiza unga kwenye kidonda, achaneni nao. Unaganda, unaficha kinachoendelea chini, na wanaanza kazi kwa kuubandua.

Bibi kama anamkanda kwa maji ya moto, tumbo liachwe kwa sasa. Kwa mvua za Tukuyu nguo hazikauki, basi zipigwe pasi mpaka zikauke kabisa kabla hajavaa, hasa chupi, maana mkanda wake unapita juu ya mshono.

Kuna mambo ambayo hata ikiwa saa nane usiku mnatafuta gari: majimaji ya rangi ya damu iliyofifia yakimwagika mengi ghafla, kwani huenda tabaka la ndani limeachia, mshono kufunguka ukaona nyama za ndani, ngozi kuwa nyeusi au kutoa malengelenge huku maumivu yakizidi sana ukubwa wa kidonda, homa yenye kutetemeka, kuchanganyikiwa au kupumua haraka. Damu ya uzazi ikinuka vibaya na tumbo la chini likiuma, tatizo linaweza kuwa kwenye kizazi, na hapo mshono unaweza kuonekana safi kabisa pichani.

Bebeni karatasi ya ruhusa mliyopewa Mbeya, ina aina ya oparesheni na dawa alizopewa. Mtoto aende naye, anyonye kama kawaida.