Paka Waya Rangi Kabla ya Kupiga Hesabu

Alama za mchoro wa saketi hazikunisumbua. Mistari miwili, mmoja mrefu na mwingine mfupi, ni betri, na ule mrefu ndio chanya. Mstatili au zigizaga ni rezista. Kilichoniponza ni mistari ya waya inayoziunganisha.

Mchoro wenyewe ulikuwa na betri ya volti 12 na rezista tatu: R1 ya omu 4, R2 ya omu 12 na R3 ya omu 6. R3 ilichorwa chini kabisa, peke yake, nami nikadhani zote zimefuatana kwa mfululizo. Nikajumlisha nikapata omu 22, yaani mkondo wa takriban ampea 0.55. Kwa mkondo huo R1 ingetoa joto la wati 1.2 hivi, kwa hiyo nikaweka rezista ya wati 2. Kuwasha tu, ikaanza kutoa moshi.

Tangu hapo sipigi hesabu kabla ya kushika penseli za rangi. Anzia chanya ya betri, upake waya rangi nyekundu mpaka ukutane na kifaa. Hapo rangi inakoma, na ng'ambo ya kifaa inaanza nyingine. Swichi iliyowashwa ihesabu kuwa waya tu. Penye nukta nyeusi, rangi iingie kwenye matawi yote. Mistari ikipishana bila nukta haijaungana, kwa hiyo usiihamishe rangi.

Nilipourudia mchoro wangu hivyo, nyekundu iliishia R1. Baada ya R1 nikaanza na bluu, ikafika kwenye nukta na kugawanyika: tawi moja likaenda R2, jingine likashuka hadi R3. Upande wa pili wa zote mbili ulikuwa mweusi, ukirudi hasi ya betri. Rezista mbili zenye rangi zilezile kwenye ncha zote mbili ziko sambamba, hata kama zimechorwa mbalimbali.

Omu 12 sambamba na omu 6 ni sawa na omu 4. Ongeza 4 za R1, jumla ni 8. Mkondo basi ni ampea 1.5, na R1 ilikuwa inabeba wati 9! Kwenye nukta mkondo unagawanyika: R3 inachukua ampea 1, R2 inachukua 0.5, kisha zinaungana tena.

Rangi hizo hunisaidia pia kutafuta hitilafu. Saketi ikiwa nzima, mita huonyesha volti 6 kati ya bluu na nyeusi. Ukikuta 9, R3 imekatika: mkondo wote unapita R2, umeshuka hadi ampea 0.75, na R1 imebaki na volti 3 tu. Ikikatika R2, utasoma 7.2.